Darasa la kompyuta kwa wauza duka: anzia kwenye kaunta buku

Mara ya kwanza kufundisha kompyuta kwa wauza duka wa Kariakoo nilifuata mtaala ule tuliosomeshwa wengi wetu: hii ni kibodi, hiki ni kioo, kompyuta ina sehemu kadhaa, halafu tunaandika barua, halafu tunaingia intaneti. Walianza 12. Kipindi cha tatu walikuja wanne. Mtu anayesimama dukani tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni hana muda wa kukariri majina ya vitu ambavyo havimsaidii kufunga hesabu.

Walionionyesha njia ni hao wanne. Dada mmoja wa duka la vyombo alikuja na kaunta buku kwapani, kwa sababu tajiri wake alikuwa anasubiri hesabu ya wiki na yeye hajamaliza kujumlisha. Akaniuliza kama kompyuta inaweza kumjumlishia. Tukaacha somo la siku ile, tukaingiza ukurasa mmoja wa daftari lake, mstari kwa mstari. Tangu hapo darasa langu lina kazi moja tu: kuhamisha ukurasa wa kaunta buku kwenda kwenye jedwali, lile ambalo watu huliita Ekseli, mpaka hesabu ya jioni ifungwe. Kushika mausi, kuhifadhi faili na kusoma maneno ya Kiingereza ya kwenye kioo, yote hayo mwanafunzi anayapata akiwa anaifanya kazi hiyo.

Hapa chini naeleza jinsi ninavyoliendesha darasa hilo. Ni vipindi 10, viwili kwa wiki, kwa wiki tano.

Muda, chumba na mashine

Usiweke darasa jioni. Duka likifungwa, mfanyakazi anawaza usafiri wa Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara, na kila dakika anayochelewa foleni inazidi. Asubuhi ni tofauti, kwa kuwa wengi hufika mjini mapema ili kukwepa foleni hiyohiyo, halafu wanakaa kwenye baraza wakisubiri tajiri alete funguo. Saa hiyo ndiyo yako. Mimi huanza saa moja kasorobo na kumaliza saa mbili kamili, Jumanne na Alhamisi. Jumatatu na Jumamosi wateja ni wengi, na mtu akilazimika kuchagua kati ya darasa na mteja, atamchagua mteja. Usianze darasa jipya Desemba wala kumi la mwisho la Ramadhani, na kama una wauza sare na mabegi ya shule, waache Januari ipite.

Chumba kiwe umbali wa kutembea kutoka madukani. Stoo yenye meza na soketi inatosha, ukumbi wa msikiti au wa kanisa nao unatosha. Wanafunzi wawe wanane, laptopu nne. Laptopu iliyotumika yenye RAM ya 4 GB inaifanya kazi hii bila shida, ila angalia kama betri yake inakaa na chaji angalau saa moja, maana umeme ukikatika saa moja asubuhi hutapata kipindi kingine wiki hiyo. Kila mashine iwe na mausi yake. Hili nalisisitiza: mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta akianzia kwenye kile kibao cha kuteleza kidole, kipindi kizima kitaishia kwenye kumkimbiza mshale.

Watu wawili kwenye mashine moja si upungufu. Mmoja anasoma daftari kwa sauti, mwingine anaandika, kama wanavyofanya wenyewe wanapohesabu mzigo stoo. Kila baada ya dakika 10 wanabadilishana. Anayesoma hujifunza sawasawa na anayeandika, kwa sababu ndiye anayeona mwenzake amekosea wapi.

Weka programu ya LibreOffice kwenye mashine zote kabla ya siku ya kwanza. Ni ya bure na haihitaji intaneti ikishaingia. Jedwali lake linaitwa LibreOffice Calc, na anayelijua hapotei akikutana na Excel. Kabla ya kumkaribisha mwanafunzi, ingia Tools, kisha Options, tafuta sehemu ya lugha, na pale penye Locale chagua English (UK). Sababu yake utaiona tukifika kwenye tarehe.

Kwanza zungumza na tajiri

Wafanyakazi wengi hawamiliki duka. Daftari ni la tajiri, na tajiri ana haki ya kuuliza kwa nini linapelekwa darasani. Nenda umwone kabla ya kuanza, na umwambie mambo mawili. Darasani hatuandiki bei ya kununulia, ni bei ya kuuzia peke yake, ile ambayo kila mteja anaijua. Na daftari lenyewe halitoki dukani: mfanyakazi ananakili mistari mitano mpaka kumi kwenye karatasi, na 25 kwa kipindi cha mwisho, bila majina ya wateja.

Mfanyakazi naye ana hofu yake, na mara nyingi haitamki. Anaogopa kompyuta itaonyesha upungufu na fedha itakatwa kwenye mshahara wake. Nimeona watu wazuri wakiacha darasa kipindi cha tano kwa sababu hiyo. Kwa hiyo nawaambia mapema kabisa kwamba upungufu mwingi tunaoukuta ni wa kuandika, na kwamba anayejua kuonyesha ulikotokea hukatwa fedha mara chache kuliko anayebaki kusema hajui. Mfano nitautoa hapa chini.

Vipindi viwili vya kwanza: mkono upate kuzoea

Siku ya kwanza hakuna fomula. Fungua jedwali tupu, uwaonyeshe kwamba kila kisanduku kina anwani, safu ikiwa herufi na mstari ukiwa namba, hivyo kisanduku cha kwanza ni A1. Watu wa Kariakoo hulishika hili mara moja ukiwaambia ni kama kuelekeza duka: mtaa wa Kongo, fremu ya tatu. Halafu kila mmoja aandike bidhaa 10 za dukani kwake, moja kila mstari, akibonyeza Enter kushuka.

Hapo mkono unajifunza mambo matatu: kubofya mara moja na si mara mbili, kubonyeza herufi na kuachia (wengi hushikilia, ikatoka "sssssufuria"), na kufuta. Wafundishe Ctrl na Z siku hiyohiyo. Mtu akishajua kwamba kosa linarudishwa nyuma, mabega yanashuka na anaanza kujaribu mambo. Usimalize kipindi kabla kila mmoja hajahifadhi faili lake mwenyewe, kwa Ctrl na S, kwa jina lake na la duka. Kipindi cha pili waanze kwa kulitafuta na kulifungua. Atakayeshindwa kulipata alihifadhi bila kuangalia mahali, na hilo ni somo la kurudia kila kipindi, dakika tano za mwanzo.

Ukurasa wa mauzo

Kipindi cha tatu ndipo kazi inapoanza. Kwenye mstari wa kwanza andikeni vichwa: Tarehe, Bidhaa, Idadi, Bei, Jumla, Malipo. Hizo ni safu A mpaka F. Chini ya kioo kuna kitufe chenye jina Sheet1; kibofyeni kwa kitufe cha kulia cha mausi mkiite Mauzo. Huu hapa ni ukurasa wa siku moja wa duka la vyombo, ambao mimi huutumia kufundishia:

```
Bidhaa          Idadi   Bei     Malipo
chupa ya chai   4       18000   taslimu
sufuria seti    2       45000   simu
sahani dazeni   5       24000   mkopo
ndoo            5       8000    taslimu
chupa ya chai   3       18000   simu
```

Mistari hii inakaa kwenye mstari wa 2 mpaka wa 6, kila kitu chini ya kichwa chake, na safu ya Jumla ikiachwa wazi kwanza. Kwenye E2 mwanafunzi anaandika:

```
=C2*D2
```

Kinatokea 72000. Acha wakiangalie kidogo. Kisha waonyeshe kile kijiraba kidogo kwenye kona ya kulia chini ya kisanduku: ukikishika na mausi ukakivuta mpaka E6, mistari yote inajijaza, 90000, 120000, 40000 na 54000. Ndipo E7 wanaweka jumla:

```
=SUM(E2:E6)
```

Jibu ni 376000. Hapo ninafanya jambo ambalo siliachi kamwe: nawaambia watoe simu, wafungue kikokotoo na wajumlishe wenyewe. Wakipata 376,000 wanaanza kuiamini mashine kwa sababu wameihakiki. Kisha badilisheni idadi ya ndoo kutoka 5 kuwa 6, jumla igeuke yenyewe kuwa 384000. Yule dada wa vyombo alipoona hivyo alilirudia jambo hilo mara nne, akibadilisha na kurudisha, bila kusema neno.

Namba inapokataa kuwa namba

Vipindi viwili vinavyofuata ni vya makosa, na ndivyo vyenye thamani kubwa kuliko vyote. Dukani watu huandika bei kwa namna yetu: 18,000/= au 18.000/=. Kompyuta haielewi ile alama ya mwisho. Ikiiona, inachukulia kilichoandikwa kuwa ni maneno, na =C2*D2 inajibu #VALUE!. Kosa hili angalau linapiga kelele. Baya zaidi ni lile lisilosema kitu. Mtu akiiandika jumla ya sahani kwa mkono, 120,000/=, badala ya kuacha fomula, SUM inaruka kisanduku hicho kimyakimya na kutoa 256000. Hakuna onyo lolote, na tajiri ataona mauzo ya siku yamepungua kwa 120,000.

Nukta nayo ina hatari yake. Kwa mpangilio tuliouweka, 18.000 ni kumi na nane tu, si elfu kumi na nane. Chupa nne zinakuwa 72, shilingi sabini na mbili. Wengine huandika herufi O badala ya sifuri, kwa sababu kwenye daftari zinafanana.

Kosa la nukta utalijua kwa udogo wa namba. Mengine yote yana njia moja ya kuyatambua: namba inaegemea kulia mwa kisanduku, maneno yanaegemea kushoto. Kwa hiyo safu za Idadi, Bei na Jumla zote zinapaswa kuegemea kulia. Ukiona moja imekwenda kushoto, hapo ndipo palipo na tatizo. Ila usiwaache wapendezeshe jedwali kwa kuweka kila kitu katikati, maana alama hii itapotea. Nyumbani nawapa zoezi la jedwali lenye makosa sita niliyoyapanda mwenyewe, wayatafute kwa macho kabla ya kugusa kibodi.

Tarehe inafuata kanuni hiyohiyo. Mashine iliyowekwa mpangilio wa Marekani inasoma 3/4 kuwa tarehe 4 Machi, wakati sisi tunamaanisha tarehe 3 Aprili. Ikifika 25/3 inashindwa kabisa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo inaiacha kama maneno na kuisogeza kushoto. Mtu anaona baadhi ya tarehe za mwezi ziko kulia na nyingine kushoto, asijue kwa nini. Ndiyo sababu tulichagua English (UK) mwanzoni. Mwanafunzi akienda kwenye kompyuta ya mtu mwingine, jambo la kwanza ajaribu kuandika 25/3 na kuangalia inaegemea wapi.

Na zile alama za ### zinazotisha watu si kosa. Safu ni nyembamba mno kuonyesha namba, basi. Bofya mara mbili mpaka ulio kati ya herufi za safu, itajipanua.

Kufunga hesabu ya droo

Kipindi cha sita tunauliza swali ambalo tajiri huuliza kila jioni: fedha ya mkononi iko wapi? Jumla ya 376,000 haimo yote kwenye droo, kwa kuwa nyingine imeingia kwenye simu na nyingine ni deni. Tunaitenganisha hivi:

```
=SUMIF(F2:F6,"taslimu",E2:E6)
```

Kwa lugha ya kawaida: pita safu ya Malipo, kila ukikuta taslimu, chukua jumla ya mstari ule. Inatoa 112000. Wabadilishe neno liwe simu, wapate 144000, na mkopo 120000. Zote tatu zikijumlishwa lazima zirudi 376000. Zisiporudi, kuna mstari ambao malipo yake hayakujazwa au yameandikwa kwa neno lingine, kama "cash" au "keshi". Kama kompyuta itaikataa alama ya mkato ndani ya fomula, wajaribu nukta mkato, kwani mashine nyingine zimewekwa hivyo.

Sasa droo yenyewe. Asubuhi kulikuwa na chenji ya 30,000. Mauzo ya taslimu ni 112,000. Mteja mmoja alikuja kulipa deni la wiki iliyopita, 50,000. Zimetoka 14,000, chakula 6,000 na mkokoteni 8,000. Inapaswa kuwepo 178,000. Zikihesabiwa, zipo 168,000.

Hapo ndipo darasa linaponyamaza, kwa sababu kila mmoja amewahi kusimama mbele ya tajiri katika hali hiyo. Nawaacha watafute wenyewe. Jibu limo kwenye mstari wa ndoo. Mteja alinunua ndoo tano, akaomba punguzo, akauziwa kila moja 6,000. Muuzaji akaandika bei anayoizoea, 8,000. Tano mara 2,000 ni 10,000, na ndio upungufu wote. Hakuna aliyeiba. Safu ya Bei iandikwe bei mteja aliyolipa, si bei iliyotajwa mwanzo, na iandikwe palepale mteja akiwa bado anafungiwa mzigo.

Lile deni la 50,000 nalo ni mtego. Wengi hulipenyeza kwenye Mauzo kama mauzo ya leo, ilhali bidhaa ile ilishaandikwa wiki iliyopita siku ilipotoka. Mauzo yanahesabiwa mara mbili, na mwisho wa mwezi duka linaonekana limeuza kuliko mzigo uliotoka. Fungueni faili la pili liitwalo Madeni, lenye tarehe, jina, alichochukua na alicholipa. Kwa kuwa lina majina ya watu, na kwa wengine namba za simu, faili hilo liwekwe neno la siri wakati wa kuhifadhi. Majina ya wateja si ya kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria, mteja aliyekopa kwa siri akisikia deni lake linazungumzwa, harudi.

Waeleze pia kwamba jedwali hili ni la kujijulia hesabu. Halichukui nafasi ya risiti ya EFD.

Mzigo uliobaki stoo

Vipindi vya saba na nane ni vigumu, na kama kundi lako linakwenda polepole, rudia hesabu ya droo na uache hiki kwa awamu nyingine. Mimi nilikuwa nawasukuma wote wafike hapa. Siku hizi sifanyi hivyo. Mtu anayefunga droo bila kukosea amepata faida kamili ya ada yake.

Kwa wanaoendelea, fungueni karatasi mpya ndani ya faili lilelile la Mauzo, iitwayo Stoo: Bidhaa, Mwanzo, Imeingia, Imeuzwa, Imebaki. Bidhaa zianzie mstari wa 2: chupa ya chai, sufuria seti, ndoo, sahani dazeni. Safu ya Imeuzwa haijazwi kwa mkono, inavutwa kutoka Mauzo. Kwenye D2:

```
=SUMIF(Mauzo.B$2:B$200,A2,Mauzo.C$2:C$200)
```

Kwenye Excel au Google Sheets, ile nukta baada ya Mauzo inakuwa alama ya mshangao:

```
=SUMIF(Mauzo!B$2:B$200,A2,Mauzo!C$2:C$200)
```

Kwenye E2 ni =B2+C2-D2. Chupa zilikuwa 20, zikaingia 12, zimeuzwa 7, zimebaki 25. Alama ya $ inashikilia mstari usihame unapoivuta fomula kushuka. Waonyeshe kinachotokea bila hiyo: fomula ya sahani, iliyo mstari wa 5, itaanza kuangalia Mauzo kuanzia mstari wa 5, na mauzo ya sahani yako mstari wa 4. Itasema sahani zimeuzwa sifuri. Bidhaa ya juu kwenye orodha ikiwa sahihi na za chini zikiwa pungufu, hiyo $ ndiyo iliyosahaulika.

Kosa lingine ni majina. Mtu akiandika "chupa chai" mahali pa "chupa ya chai" kwenye mstari wa mwisho wa Mauzo, ule wa chupa tatu, kompyuta inaona bidhaa mbili tofauti. Inasema zimeuzwa 4 na zimebaki 28, wakati rafuni ziko 25. Nafasi iliyobonyezwa bahati mbaya baada ya neno inaleta tatizo hilohilo, na macho hayaioni. Dawa ni orodha ya kuchagulia: tia alama safu ya Bidhaa kwenye Mauzo, ingia Data, kisha Validity (kwenye Excel ni Data Validation), uielekeze kwenye majina yaliyo Stoo. Kuanzia hapo muuzaji anachagua jina badala ya kuliandika. Hata hivyo kompyuta haijui chombo kilichovunjika. Kila Jumamosi mtu apande ngazi ahesabu rafu kwa mkono, na tofauti iandikwe sababu yake.

Maneno ya Kiingereza yaliyo kwenye kioo

Wanafunzi wengi waliishia darasa la saba, na kioo chote kimeandikwa Kiingereza. Usiligeuze darasa kuwa la Kiingereza, lakini pia usijifanye lugha haipo. Maneno 12 yanawatosha kwa kazi yote hii: File, Open, Save, Save As, Copy, Paste, Undo, Insert, Delete, Row, Column, Sheet. Nayaandika kwenye vikadi, mawili kila kipindi, upande mmoja neno na upande wa pili kile linachofanya kwa Kiswahili, na mwanafunzi halitamki tu bali analitafuta kwenye kioo na kulibofya.

Neno moja linastahili dakika za ziada, nalo ni lile swali linalotokea unapofunga faili: Save, Don't Save, Cancel. Nimeona mtu akipoteza kazi ya saa nzima kwa kubofya la katikati, kwa sababu aliona neno Save na akaridhika. Kwa hiyo nawafanyisha jambo hili makusudi. Wanaandika mistari mitatu, wanafunga, wanabofya Don't Save, wanafungua na kukuta haipo. Ikiwatokea mara moja kwenye mistari ya kuchezea, kwenye mistari ya kweli wanasoma kabla ya kubofya.

Kutoka darasani kwenda dukani

Kipindi cha tisa tunahamia kwenye simu, kwa sababu dukani kwa wengi hakuna laptopu. Faili la mauzo lihifadhiwe kwa Save As, aina ya .xlsx, ndipo litafunguka vizuri kwenye Google Sheets. Kwenye simu, bofya nukta tatu zilizo kando ya jina la faili na uchague Make available offline, ili bando likiisha kazi isisimame. Kuandika kwenye simu ni kwa taabu, kioo ni kidogo, hivyo nawashauri watumie simu kuangalia na kuingiza mistari michache, na kazi kubwa waifanye kwenye kompyuta. Nakala moja ibaki kwa tajiri. Fleshi wasiazimane hovyo: ile inayozunguka kila duka kuchapisha stika ndiyo inayobeba virusi, na dalili yake ni mafaili yote kugeuka njia za mkato usiku mmoja.

Kipindi cha kumi ni cha kupima, bila maswali ya karatasi. Kila mmoja anakuja na mistari 25 aliyoinakili kutoka ukurasa wa juzi wa dukani kwake, akiwa peke yake kwenye mashine. Ili mashine nne zitoshe, nusu wanaanza, nusu wanafuata. Anaingiza yote, anapata jumla, anaigawa kwa taslimu, simu na mkopo, na anailinganisha na ile ya daftari. Zikilingana, amemaliza. Zisipolingana, aonyeshe tofauti iko mstari gani. Mara kadhaa imetokea kwamba kompyuta ilikuwa sahihi na daftari ndilo lililokuwa na kosa la kujumlisha, na mwanafunzi akaondoka na karatasi hiyo kwenda kumwonyesha tajiri.

Ada nimeitoza kwa kipindi, 2,000 kila anayefika, badala ya kuidai yote mwanzoni. Mfanyakazi anayelipwa posho ya siku anaimudu hiyo, na mimi ninajua palepale kama kipindi kilichopita kiliwafaa: wakipungua, nilikosea.

Wiki mbili baada ya kipindi cha kumi, pita madukani. Karibu wote utakuta waliacha kuingiza siku ambayo wateja walikuwa wengi, halafu wakaogopa kurudi kwa sababu siku zimerundikana. Waambie waziache zile za nyuma, waanze na ukurasa wa jana, asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia. Wakiingiza ukurasa wa jana kila asubuhi, kaunta buku linabaki kuwa la haraka ya mchana na jedwali linabaki kuwa la utulivu. Duka la vyombo bado wanafanya hivyo, na kiti cha plastiki cha kukalia wamekiweka nyuma ya mlango, palipo na soketi.